Ukuta kwanza au mwenzake kwanza? Kumwanzishia mwanafunzi sevu ya chini na pasi ya vidole

Mwenyekiti wa mafunzo, walimu wenzangu wa michezo, habari za asubuhi.

Nimeomba tutoke darasani tuje hapa nyuma ya bwalo kwa sababu ya ukuta huu. Hauna madirisha, umepigwa plasta, na mbele yake kuna uwanja wa wazi wa hatua kumi na mbili hivi. Shule nyingi zetu zina ukuta wa namna hii, na kazi yake kubwa imekuwa kuegemewa wakati wa mapumziko. Leo nitazungumzia mambo mawili tu: sevu ya mkono wa chini, na pasi ya vidole, yaani kuseti. Smashi na bloku zina wenyewe, watakuja mchana.

Nianze na kosa langu. Nilipoanza kazi nilifundisha mpira wa wavu kama nilivyofundishwa mimi: wanafunzi wawili wawili, mpira mmoja, haya pigianeni. Dakika tano baadaye mpira mmoja uko kwenye migomba, mwingine uko barabarani, na nusu ya kipindi imeishia kwenye kukimbiza. Baadaye nikaugundua ukuta. Nikafurahi mno, nikawapeleka wote ukutani kwa kila kitu. Baada ya wiki tatu sevu zao zilikuwa nzuri, lakini kuseti kulikuwa kumeharibika kuliko mwanzo. Walikuwa wanaupiga mpira makofi kama mtu anayefukuza nzi.

Ilinichukua muda kuelewa sababu. Ukuta hukurudishia kile ulichoupa, tena hapo hapo. Kwenye sevu hilo halina madhara, kwa sababu sevu huanza na mpira ukiwa mkononi mwako mwenyewe. Ukishapiga, kazi imekwisha. Mpira ukirudi vibaya unauacha udunde, unaokota, unaanza upya. Lakini pasi ya vidole huanza na mpira unaokujia. Mwanafunzi asiyejua bado kuweka mikono akiupa ukuta mpira mbovu, anarudishiwa mpira mbovu zaidi, na ana muda mdogo zaidi wa kujipanga. Anachoweza kufanya ni kupiga kofi ili ajiokoe. Ndiyo maana mpangilio wangu sasa ni huu: kwenye sevu, ukuta kwanza, mwenzake baadaye. Kwenye vidole, mwenzake kwanza, ukuta baadaye. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Tuanze na sevu. Nitasemea anayetumia mkono wa kulia. Wa mashoto mgeuzieni. Mguu wa kushoto uko mbele, mabega yanatazama kule anakotaka mpira uende, magoti yamelegea. Mpira umekaa juu ya kiganja cha kushoto, chini ya kiuno kidogo, mbele ya nyonga ya kulia. Hapo pa nyonga ya kulia ndipo pa kukazia, nitaparudia. Mkono wa kulia unarudi nyuma ukiwa umenyooka, kisha unakuja mbele kama bembea, na uzito wa mwili unahama kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele. Mpira unagongwa na kitako cha kiganja, ile sehemu nene iliyo karibu na kifundo cha mkono, chini kidogo ya katikati ya mpira. Wengine hupenda ngumi. Ngumi inatoa nguvu, lakini ina mifupa na vidole vilivyokunjwa, hivyo mpira hukutana na uso usio sawa na kwenda popote. Kwa anayeanza, kitako cha kiganja.

Kuna jambo la sheria ambalo walimu wengi tunalipuuza, halafu mwamuzi anatukumbusha kwenye UMISSETA. Mpira wa sevu ni lazima uachiwe au urushwe kwanza, ndipo upigwe. Kuupiga ukiwa bado umekaa kiganjani ni kosa. Basi tangu siku ya kwanza mfundisheni kuuachia: kiganja cha kushoto kinashuka ghafla, mpira unabaki hewani kwa kitambo kidogo, mkono wa kulia unaufikia. Anayeurusha juu hadi kifuani hupata shida nyingine, maana inabidi mkono wa kupiga usubiri. Bembea iliyosimama njiani imeshapoteza nguvu.

Hatua ya kwanza, basi, haina kupiga. Chora duara dogo kwa chaki au kijiti, hatua fupi mbele ya mguu wa kulia. Mwanafunzi asimame kama anataka kupiga sevu, mkono wa kulia urudi nyuma na kuja mbele, lakini usiuguse mpira. Mkono wa kushoto uachie. Mpira uanguke ndani ya duara. Mara kumi. Mtaona mambo ya kushangaza: watoto wenye nguvu ya kuvusha mpira uwanja mzima hawawezi kuudondosha mahali pamoja mara tatu mfululizo.

Hatua ya pili, ukuta kwa karibu. Hatua nne kutoka ukutani, karibu mita tatu. Hapa hatutafuti nguvu wala urefu, tunatafuta mlio na mwelekeo. Kitako cha kiganja kikipata mpira sawasawa hutoa mlio mmoja mzito. Ukisikia mlio mwembamba, wa kofi, ni vidole vimeugusa. Chora mstari wa wima ukutani mbele ya mpigaji. Mpira uguse karibu na mstari huo, na mkono umalizie ukiuelekea. Anayefikisha saba kati ya kumi arudi nyuma hatua mbili. Asiyefikisha abaki, na asione aibu.

Hatua ya tatu ndiyo niipendayo. Uwanja wa mpira wa wavu una urefu wa mita 18, wavu uko katikati. Maana yake, kutoka mstari wa mwisho hadi kwenye wavu ni mita 9. Mwanafunzi akisimama mita 9 kutoka ukutani, ukuta umekuwa wavu. Chora mstari wa mlalo kwenye urefu wa wavu: mita 2.24 kwa wasichana, 2.43 kwa wavulana. Kwa watoto wa shule ya msingi shusheni, mimi huweka mita 2 na siombi ruhusa. Kisha chora mstari wa pili mita moja na nusu juu ya ule wa kwanza. Mpira ukigonga katikati ya mistari hiyo, ukiwa bado una nguvu ya kurudi mbele, huo ungevuka wavu na kuangukia ndani. Ukigonga chini ya mstari wa kwanza, umeingia wavuni. Ukigonga juu sana ya wa pili, ama ungetoka nje kwa nyuma, ama ni mpira wa kupaa unaompa mpinzani muda wa kunywa chai.

Lakini msiudai ukuta zaidi ya unachojua. Unaweza kukuambia mpira ungevuka au usingevuka, na kama umekwenda kushoto au kulia. Hauwezi kukuambia ungeangukia wapi upande wa pili. Hilo ni kazi ya mwenzake, nitafika.

Sasa namna ya kusoma kosa. Mkono wa sevu ya chini unachora upinde. Kwenye sehemu ya chini kabisa ya upinde kiganja kinakwenda mbele. Kadiri kinavyosonga ndivyo kinavyoanza kupanda. Ndiyo sababu mpira ulioachiwa mbele mno hukutana na mkono unaopanda, ukaenda juu kama mwenge. Mpira ulioachiwa karibu na paja hukutana na mkono ambao bado uko chini, ukaenda bapa, ukaishia wavuni. Kwa hiyo mpira ukipaa, usimwambie mtoto "punguza nguvu". Mwambie ausogeze mpira karibu kidogo. Ukizama, ausogeze mbele kidogo. Mara nyingi inatosha.

Nilikuwa na binti mmoja wa kidato cha kwanza, mrefu, mkono mzuri, sevu zake zote zikienda kushoto. Kati ya kumi, mbili ndizo zilikaa ndani. Siku kadhaa nilisahihisha mkono wa kulia: nyoosha kiwiko, maliza mbele, usikatize. Hakuna kilichobadilika. Jioni moja nikaacha kusimama nyuma yake, nikaenda kusimama mbele yake, mgongo karibu na ukuta. Nikaona kile ambacho nyuma sikuweza kukiona. Mkono wa kulia ulikuwa mzima. Mkono wa kushoto ulikuwa unauachia mpira mbele ya kitovu, na mkono wa kulia, kwa kuwa lazima uufuate, ulikuwa unakatiza mwili kwenda kushoto. Mkono niliokuwa nikiusahihisha ulikuwa unafanya kazi yake vizuri; ulikuwa unautafuta mpira ulipo. Tukarudi kwenye duara la chini, kudondosha tu, vipindi viwili, bila kupiga hata mpira mmoja. Alinuna. Tuliporudi ukutani kwa mita 6, saba kati ya kumi ziligonga karibu na mstari wa wima. Tangu hapo, sevu ikienda upande, jicho langu la kwanza liko kwenye mkono unaoshika mpira.

Akishatoka ukutani, mpe mwenzake. Wasimame pande mbili za wavu, kila mmoja kwenye mstari wa mita 3, wapigiane sevu ndogo. Mpokeaji adake kwa mikono miwili. Kudaka ni muhimu: wakianza kupokea kwa pasi, mchezo unageuka kuwa wa kupokea na sevu inasahaulika. Mpokeaji hasogei zaidi ya hatua moja. Akilazimika kukimbia, sevu haikuwa nzuri, hata kama imevuka. Halafu wote wanarudi nyuma kidogo kidogo: mita nne na nusu, sita, hatimaye mstari wa mwisho. Hapo ndipo umwambie na mengine ya sheria: baada ya filimbi ana sekunde 8, asikanyage mstari wakati anapiga, na mpira ukigusa wavu lakini ukavuka, mchezo unaendelea. Hili la mwisho wengi wa umri wangu hulisahau, maana zamani lilikuwa kosa.

Sasa vidole.

Niseme kwanza habari ya mpira wenyewe, kwa sababu hapa unaweza kumjeruhi mtoto. Mpira wa wavu una gramu 260 hadi 280. Mpira wa miguu una gramu 410 hadi 450. Najua shule ina mipira mitatu ya miguu na mmoja wa wavu uliochubuka. Kwa sevu ya ukutani, mpira wa miguu uliopungua upepo unaweza kukusaidia kwa siku moja mbili. Kwa vidole, hapana. Mtoto akiumia kidole gumba mara moja, miezi miwili atakuwa anaukimbia mpira unaotoka juu. Tumieni ile mipira mikubwa mepesi ya plastiki ya sokoni kuliko mpira wa miguu. Na huo mmoja wa wavu msiujaze upepo hadi uwe jiwe.

Umbo la mikono: inyanyueni juu ya paji la uso kana kwamba mnapokea bakuli kubwa kutoka kwa mtu aliye juu ya ngazi. Vidole vimetanuka na kulegea, vidole gumba vinatazamana na kurudi kidogo kuelekea machoni, viwiko viko mbele na nje kidogo. Kati ya vidole gumba na vya shahada kuna dirisha. Mpira unaangaliwa kupitia hilo dirisha. Mpira unaguswa na nyama za vidole, kiganja hakiugusi. Nguvu inatoka magotini, inapanda, inamalizikia kwenye vidole, na mikono inabaki imenyooka juu.

Sasa anayerusha. Nusu ya kuseti vibaya kunatoka kwa aliyerusha, kwa hiyo mimi hufundisha kurusha kabla ya kuseti. Mrushaji asimame mita tatu hivi. Arushe kwa mikono miwili kutoka chini, mpira upande kama mita moja na nusu juu ya kichwa cha mwenzake, kisha ushuke juu ya paji lake la uso. Watoto wetu hurusha kama wanamtupia mwenzao embe, bapa, kifuani. Mpira wa kifuani hauwezi kusetiwa na mtu yeyote, hata wa timu ya taifa ataupokea kwa mikono ya chini. Jaribio rahisi: mwenzake aweke mikono nyuma, asimame tu. Mrushaji arushe mara tano. Mpira mwepesi ukidondoka kwenye paji la uso mara tatu, mrushaji amefuzu. Watacheka sana, na watajifunza.

Hatua ya kwanza ya vidole ni kudaka, wala si kuseti. Mpira unakuja, mwanafunzi anaingia chini yake, anaudaka kwa lile umbo la bakuli, kisha anaganda kama sanamu. Mwalimu anapita anaangalia: mpira uko wapi? Mwambie atenganishe mikono. Ukidondoka kwenye paji la uso, alikuwa chini yake sawasawa. Ukidondoka mbele ya vidole vya miguu, alichelewa kuingia, akaufuata kwa mikono badala ya miguu. Hilo la pili ndilo kosa la kila mtu, na halionekani ukiwaruhusu waseti mapema, kwa sababu mpira utakuwa umeshaondoka.

Hatua ya pili, kudaka na kusukuma. Anadaka, magoti yanakunjika kidogo, kisha mwili wote unanyooka na mpira unarudi kwa mwenzake kwa upinde uleule. Kila siku muda wa kuushika unapungua: leo hesabu ya mbili, kesho ya moja, keshokutwa unagusa na kuondoka. Mtoto hajui ni siku gani hasa aliacha kudaka akaanza kuseti. Hivyo ndivyo nitakavyo.

Hapo masikio na macho yako yana kazi. Pasi nzuri ya vidole karibu haina sauti. Ukisikia "pa", kiganja kimeingia. Ukisikia "pa-pa", mikono haikugusa pamoja, na kwenye mechi mwamuzi angepuliza mguso mara mbili. Na angalieni mpira hewani: ukizunguka sana kwa upande, mkono mmoja umetangulia au umesukuma zaidi. Waambieni waangalie ile nembo au mshono wa mpira. Ukisomeka hewani, mikono ilikuwa sawa.

Nikiona pasi nane kati ya kumi zinamrudia mrushaji bila yeye kutoka alipo, ndipo nampeleka mwanafunzi ukutani. Na hata huko siendi moja kwa moja. Kwanza anaurusha mpira mwenyewe ukutani, juu, anauacha udunde chini mara moja, anakimbilia chini yake na kuudaka kwa umbo lilelile. Ule mdundo mmoja unampa muda ambao ukuta ungemnyima. Kisha ukuta, mdundo, pasi ya vidole. Mwisho kabisa unaondoa mdundo: anasimama kama mita mbili kutoka ukutani, kuna duara la chaki kwenye urefu wa mita 3, anaseti mfululizo kwenye duara hilo. Duara likiwa chini zaidi ya hapo mpira unarudi bapa kifuani, na mmerudi kwenye makofi. Nasimamisha akishapiga kofi mara mbili mfululizo, sisubiri mpira uanguke. Anaudaka, anavuta pumzi, anaanza tena.

Ukutani mwanafunzi anapata miguso mingi kwa muda mfupi, lakini uso wake haugeuki. Anaseti kule kule mpira ulikotoka. Kwenye mechi, mpira unatoka kwa mpokeaji nyuma na unatakiwa kwenda kwa mpigaji pembeni mwa wavu. Kwa hiyo mara hii tunarudi kwa mwenzake, tena wawili: mmoja anarusha, wa katikati anaingia chini ya mpira, anageuza miguu na mabega kuelekea wa tatu kabla mpira haujafika, anaseti. Nimeona waseti wa ukutani, hodari kabisa, wanaoshindwa hapa kwa mwezi mzima. Msiwaache ukutani wakazeeka.

Mwalimu mmoja ameniuliza pale kwenye uji: nina wanafunzi arobaini na mipira minne, nifanyeje? Mimi hugawa makundi manne ya watu kumi. Mawili yako ukutani na sevu, mawili yako na vidole. Kwenye kila mpira wa ukutani kuna mpigaji, muokotaji, na mhesabuji anayesimama mbele pembeni na kutaja kosa: "mbele mno", "kushoto". Saba waliobaki wanadondosha kwenye maduara, na kwa kudondosha hata chungwa linatosha. Kwenye vidole kuna mrushaji na mpokeaji, wengine kwa foleni fupi nyuma ya kila mmoja, ukishagusa unakwenda nyuma ya foleni ya pili. Kila dakika kumi na mbili makundi yanabadilishana. Ni vurugu kidogo, sitawadanganya, lakini mipira haiko kwenye migomba.

Chaki zipo hapo kwenye kiti, na kipimo cha utepe nimekuja nacho. Wenye pete vueni muweke mfukoni, wenye kucha ndefu mtaanza na sevu. Watu wanne wanisaidie kuchora mistari, ule wa chini kwanza.